Mwongozo Kamili wa Kumwomba Rafiki Radhi kwa Kukosa Sherehe Yake, na Mahali Emoji Zinaposaidia au Kuharibu

Ujumbe ulioshindwa kazi ninaoonyeshwa mara kwa mara, na watu wanaoshangaa kwa nini rafiki hajajibu, unafanana na huu:

"Shosti pole sanaaa 😭😭🙏🙏 jana ilishindikana kabisa yaani mambo yaliingiliana 😅 tutafidia mamii ❤️❤️"

Aliyeuandika hana nia mbaya, na huenda ameumia kweli. Hata hivyo, ukiusoma kwa utulivu utaona kwamba hakuna mahali popote aliposema kuwa hakuja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika ujumbe mmoja unaosema hivyo waziwazi, kisha unaonyesha emoji ziwekwe wapi, kama zitawekwa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dada mmoja anayeishi Sakina, Arusha, ni msusi na ana saluni yake. Rafiki yake wa tangu shule alifanyiwa sendofu Moshi siku ya Jumamosi, na harusi yenyewe inafuata baada ya wiki moja. Marafiki wanane walishona sare na kufanya mazoezi ya kuingia ukumbini wakicheza wawili wawili, na huyu msusi alikuwa mmoja wao. Hakutokea, na simu yake haikupatikana usiku kucha.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuandika

Andaa sababu ya kweli, uwe na uwezo wa kuieleza kwa sentensi moja. Pata pia taarifa ya kilichotokea ukumbini kwa sababu ya kukosekana kwako, nayo utaipata kwa rafiki mwingine aliyekuwepo, wala si kwa aliyekosewa. Fungua jumbe ishirini hivi za mwisho alizokuandikia, uone anavyoandika na anatumia emoji zipi, kama anazitumia.

Mwisho, andika rasimu mahali pengine kwenye simu, mbali na dirisha la mazungumzo yenu. WhatsApp humwonyesha mwenzako kwamba unaandika, na hakuna kinachomchosha mtu mwenye kinyongo kama kukuona ukiandika na kuacha kwa nusu saa halafu kikatokea kimstari kimoja. Tena kidole kinaweza kuteleza, ukatuma rasimu.

Hatua ya 1: Chagua saa na mahali pa kutuma

Tuma kwake binafsi. Kundi la kamati ya sherehe si mahali pake, kwa sababu huko utamlazimisha akujibu kwa upole mbele ya watu waliochanga fedha zao, na upole huo hautakuwa msamaha.

Kwa sherehe ya Jumamosi usiku, Jumapili alasiri ndiyo saa nzuri. Usiku wa sherehe yenyewe anazungukwa na ndugu, na asubuhi yake amechoka au yuko kanisani. Ukingoja hadi Jumanne atakuwa ameshajijibu mwenyewe swali la kwa nini hukuja, na jibu alilojipa huwa baya kuliko ukweli.

Onyo moja kabla hatujaendelea: ikiwa ulichokosa ni msiba, usiendelee na mwongozo huu. Kwa msiba mtu huenda kwa miguu yake, hata kama ni baada ya matanga, na ujumbe hutumika tu kumjulisha kwamba unakuja.

Hatua ya 2: Andika kosa kwa kitenzi chenye mtendaji

Hapa ndipo jumbe nyingi huanguka, na lugha yetu yenyewe inachangia. Kiswahili kina vitenzi vizuri sana vya kumficha mtendaji: ilishindikana, ilitokea, nilipitiwa, mambo yaliingiliana. Anayesema "ilishindikana" anaeleza kitu kilichotokea chenyewe, kama mvua. Rafiki aliyekuwa akitazama mlango wa ukumbi anajua kwamba kuna mtu aliyeamua kutopanda gari, naye anataka kumsikia mtu huyo akisema "sikuja".

Neno la pili la kuangalia ni "pole". Pole humwendea mtu aliyepatwa na jambo, na hata mpita njia anaweza kuitoa bila kuhusika kwa lolote. Ukimpa pole mtu uliyemkosea, unajiweka upande wa wafariji wakati wewe ndiwe chanzo. "Samahani" nayo ni neno zuri, ila tumelitumia mno kupenya kwenye daladala, hivi kwamba peke yake haliwezi kubeba sherehe iliyoharibika. Andika "nimekukosea", kisha "naomba unisamehe". Epuka kabisa "samahani kama nimekukwaza", kwa kuwa neno "kama" linamtupia yeye mzigo wa kuthibitisha kuwa amekwazika.

Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichapisha utafiti ambao uliwasomesha watu kauli za kuomba radhi zenye vipengele tofauti. Kukiri kuwa kosa ni lako ndicho kipengele kilichoonekana kuwa na uzito zaidi, kikifuatiwa na kujitolea kurekebisha, na ombi la kusamehewa likawa na uzito mdogo kuliko vyote. Mfano wao ulikuwa wa mwombaji kazi na si wa marafiki, lakini mpangilio huo nimeuona ukifanya kazi hata kwa watu waliokua pamoja: kosa kwanza, ombi baadaye.

Kwa msusi wetu, kulikuwa na kosa ndani ya kosa. Kutofika lilikuwa la kwanza. La pili, ambalo alikuwa ameliruka katika rasimu yake ya kwanza, ni kuzima simu. Nalo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu mwenzake alitumia sehemu ya sherehe yake akihofia kwamba labda gari limepata ajali njiani. Ukiomba radhi kwa kosa dogo na kulikalia kimya kubwa, msomaji atalitafuta hilo kubwa katika kila mstari, na asipoliona ataona kwamba unamchezea.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kupiga mstari chini ya neno linaloanza na "ni-" au "si-" na linalotaja kitendo chenyewe: sikuja, nilizima.

Hatua ya 3: Taja kilichompata yeye

Sema kile kilichotokea upande wake, kwa vitu viwili au vitatu vinavyoonekana. Msusi wetu aliambiwa na rafiki aliyekuwepo kwamba waliingia saba, kwamba mmoja alicheza bila mwenzake, na kwamba bibi harusi mtarajiwa aliulizia habari zake hadi wakati wa kukata keki. Hayo matatu yanatosha.

Usimweleze hisia zake. "Najua ulijisikia vibaya sana" ni sentensi ambayo mtu mwenye hasira anaweza kuikataa papo hapo, lakini "mliingia saba" haikataliki. Na usiongeze chumvi. Ukiandika kwamba umeiharibu siku yake yote, atalazimika kukubembeleza kuwa haikuharibika, na hapo kazi imegeuka.

Hatua ya 4: Sababu, sentensi moja

Sababu ya kweli ilikuwa hii. Saa 8 mchana alimpokea mteja aliyetaka kusukwa, akijua kwamba ili awahi kuingia ukumbini saa 1 usiku alipaswa kuwa kwenye gari la Moshi saa 10. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, lakini Kosta inayosimama Tengeru, Usa River na Boma Ng'ombe inaweza kuchukua karibu saa mbili. Alimaliza kichwa saa 12 kasoro robo. Aliona aibu, akazima simu.

Sababu hiyo ni dhaifu, na ndiyo maana kishawishi cha kuibadilisha ni kikubwa. Wengi husingizia homa au mtoto. Moshi na Arusha zina watu wanaojuana, na yule mteja aliyetoka na nywele mpya Jumamosi jioni huenda ni binamu wa mtu aliyekuwa ukumbini. Ukiisema sababu dhaifu kama ilivyo, angalau itabaki kuwa ndiyo hiyo hiyo akija kuisikia kwa mwingine.

Ikizidi sentensi moja au mbili, inageuka utetezi. Mteja alikuwa msumbufu, umeme ulikatika, draya ikagoma: yote yanaweza kuwa kweli, na yote yaachwe hadi mtakapokaa pamoja na yeye mwenyewe akauliza.

Hatua ya 5: Fidia yenye siku na saa

"Tutafidia" si ahadi, maana haina siku wala mtendaji mmoja. Toa kitu kimoja unachoweza kukifanya bila kukopa, kitaje kwa siku yake, na umwachie nafasi ya kukataa. Msusi ana jambo jepesi kulipata: harusi bado wiki moja, na nywele za bibi harusi zinahitaji mkono.

Tahadhari kuhusu fedha. Kama hukumaliza ahadi yako ya mchango, imalize kimya kimya, kwa sababu hilo ni deni na halihusiani na radhi. Lakini kutuma fedha simuni zikiambatana na neno "samahani" humfanya aliyekosewa ahisi kwamba umelipa faini na sasa mmemalizana.

Hatua ya 6: Emoji

Kwanza soma rasimu isiyo na emoji hata moja. Kama bila emoji inasomeka baridi, tatizo liko kwenye maneno, na utalitatua kwa maneno. Emoji iliyowekwa kuziba pengo la sentensi huonekana hivyo hivyo, kama kiraka.

Kanuni ninayoitumia ni moja: sentensi inayobeba kosa haibebi emoji. Sura yoyote utakayoiweka pale humwambia msomaji alipokee vipi lile kosa, na haki hiyo si yako kwa wakati huo. Emoji inaweza kusaidia katika sentensi inayomhusu yeye na furaha yake, baada ya kosa kuwa limeshakiriwa kwa maneno mahali pengine. Sasa tuziangalie zile zinazotumika zaidi.

😅 ndiyo inayoharibu kuliko zote, na mara nyingi huwekwa bila kufikiri. Ni cheko la mtu anayefuta jasho baada ya kuponyoka. Ukiiweka kando ya "sikuja", unamwambia kwamba umeponea chupuchupu.

🙈 hufunika uso. Wengi huiona kuwa ni ya aibu ya upole, lakini kwa msusi wetu ingekuwa kosa la pili kurudiwa: alijificha Jumamosi kwa kuzima simu, na Jumapili angejificha tena nyuma ya nyani.

😭 ina tatizo la maana mbili. Kwa vijana wengi siku hizi hutumika kwa kucheka hadi machozi, na kwa mama mkubwa wa kundi bado ni kilio. Hata ikisomwa kama kilio, anayelia ni wewe, na aliyekosewa anabaki na kazi ya kukunyamazisha. 🥺 inafanana nayo. Inaomba huruma kabla ya msamaha.

🙏 inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kwetu ina kazi nyingi: ni asante, ni tafadhali, ni sala. Moja tu, baada ya "naomba unisamehe", haidhuru ikiwa ndivyo mnavyoandikiana siku zote. Mbili au tatu zinafanana na mtu anayevuta nguo ya mwenzake ili ageuke. Na ikisimama peke yake bila neno, hajui umeshukuru au umeomba.

❤️ ni nzuri ikikaa mwishoni, kwenye sentensi ya furaha yake. Kama ni rafiki wa jinsia nyingine aliye katika ndoa, iache. Simu husomwa na watu wawili katika nyumba nyingi, na usimwongezee jambo la pili la kueleza. Tena usiitume peke yake kama ujumbe wa pili, kwa sababu WhatsApp huikuza na kuifanya idunde, na baada ya maneno mazito ule mdundo unaonekana kama tangazo.

Kama katika zile jumbe zake ishirini hakuna emoji, usiweke hata moja. Kama amejaza, moja bado inatosha.

Kuna mambo mawili ya kiufundi. Emoji hazichorwi sawasawa kwenye simu zote, kwa hiyo sura unayoiona wewe inaweza kuwa na tabasamu kubwa au dogo kwake, na simu ya zamani inaweza kuonyesha kisanduku kitupu mahali pa emoji mpya. Pia, kama unatuma kwa meseji ya kawaida, emoji moja hubadilisha namna ujumbe mzima unavyohesabiwa: nafasi ya herufi 160 kwa meseji moja hushuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa meseji moja unakuwa tatu, na kwenye kitochi huenda ile emoji isionekane kabisa.

Na kwa wale wa upande wa Kilimanjaro watakaouliza kuhusu jani: kwa Wachagga, jani la isale hupelekwa kwa aliyekosewa kama ishara ya kuomba msamaha, na lina uzito ambao mtu huona vigumu kuukataa. 🌿 si isale. Kama jambo limefika mahali pa kuhitaji isale, limefika mahali pa kuhitaji safari.

Ujumbe uliokamilika

Huu ndio msusi alioutuma baada ya kupita hatua zote:

"Shosti wangu, jana sikuja kwenye sendofu yako, na nilikuahidi kwa mdomo wangu. Nilimpokea mteja saa 8 nikijua natakiwa kuwa kwenye gari saa 10. Nilipoona nimechelewa nilizima simu kwa aibu badala ya kukupigia, nikakuacha ukidhani nimepata ajali. Nimesikia mliingia saba, mmoja akacheza bila mwenzake, na kwamba uliniulizia hadi wakati wa keki. Nimekukosea. Naomba unisamehe, na si lazima unijibu leo.

Jumatano nitapanda gari la asubuhi nije nikuoshe na kukutengeneza nywele za harusi, kama bado unataka niziguse. Ukimtaka mtu mwingine, nitaelewa.

Nimeona picha yako na mama mkiwa mmeshikana mikono. Ulipendeza mno ❤️"

Angalia kwamba moyo umekaa kwenye picha ya mama yake, mbali na simu iliyozimwa. Angalia pia jina la kuanzia. Ameendelea kumwita "shosti", kwa kuwa ndivyo anavyomwita kila siku; angeanza na "Mpendwa rafiki yangu" angeonekana anaandika barua ya ofisi. Na sentensi ya kwanza inataja kosa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo itakayoonekana kwenye kioo cha simu kabla hata hajafungua.

Ukishatuma, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, lakini ujumbe uliohaririwa hubaki na alama inayoonyesha hivyo, na ujumbe uliofutwa kwa wote huacha mahali pake maandishi kwamba ulifutwa. Kwa ujumbe wa namna hii alama hizo huleta maswali. Hakikisha kabla.

Hatua ya 7: Kusoma jibu

Tiki za bluu bila jibu kwa siku moja si kukataliwa. Usiongeze ujumbe, na hasa usiongeze "???" wala 🙏 ya kukumbushia. Umemwambia kwamba si lazima ajibu leo, basi iheshimu ahadi hiyo.

Jibu la "haina shida 👍" au "usijali" lipokee, lakini usilihesabu kuwa mwisho. Mara nyingi ni mlango uliofungwa kwa adabu. Jibu kwa "Asante kwa kunijibu" na uende kutekeleza ulichoahidi.

Dalili nzuri, ambayo wengi huiogopa, ni lawama ndefu. Rafiki anayekuandikia kwamba shangazi yake alikuulizia mara tatu, kwamba sare yako ilibaki imekunjwa kwenye kiti, na kwamba alitaka kulia mbele ya mshereheshaji, ameanza kukusimulia sherehe yake. Hapo usijitetee na usiweke sura yoyote. Andika "Ni kweli, nilikuacha", au neno moja linalofanana na hilo, umwache aendelee.

Kwa msusi wetu jibu lilikuja Jumatatu usiku, aya nne za malalamiko bila emoji hata moja, na mstari wa mwisho ukamtaka Jumatano aje na kile kitana chembamba, kwa sababu cha Moshi kinang'oa nywele. Alipanda gari la saa 12 asubuhi.